Mshale wangu ulielekeza kwenye kufuli

Nilipopewa kazi ya kuchora ramani ya kutokea moto ukizuka bwenini, niliichora nikiwa ofisini. Mwalimu wa jiografia, rula mkononi, nikajiona fundi. Bweni letu hapa Tabora ni refu, vitanda vya dabo deka kushoto na kulia, mlango mbele na mwingine nyuma. Nikachora mishale ya kijani kwenda milango yote miwili, nikatoa kopi, nikabandika kuta zote mbili.

Siku ya zoezi, waliolala nusu ya nyuma walifuata mshale hadi mlangoni. Kufuli! Matroni hulifunga kila jioni kwa hofu ya wezi, na ufunguo hukaa chumbani kwake. Wakageuka, wakagongana na wenzao katikati.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, pita bwenini usiku, saa watoto wamelala, usukume kila mlango kwa mkono wako. Unaohitaji ufunguo usiuchore kuwa ni wa kutokea, wala dirisha lenye nondo. Sisi tulitoa kufuli, tukaweka komeo la ndani, na mlango ukageuzwa ufungukie nje. Unaofungukia ndani hukwama watu wakiusukuma kwa wingi.

Kosa la pili alilibaini binti wa kidato cha pili. "Mwalimu, hapa mlango wa mbele uko kulia, mbona mimi nauona kushoto?" Alikuwa sahihi. Kopi moja haiwezi kufaa kuta mbili zinazotazamana. Kilicho kulia kwa anayetazama ramani lazima kiwe kulia kwake kweli. Kwa ukuta wa pili unazungusha mchoro nusu duara, kisha unaandika maneno upya yasomeke. Usiugeuze kama kwenye kioo, maana hapo vyumba vyenyewe vitahama. Na alama ya "Upo hapa" inabadilika kila unapobandika.

Rangi nilipunguza. Kuta nyeusi, njia na milango ya kutokea kijani, nyekundu ni ya mtungi wa kuzimia moto peke yake. Mwanzoni nilikuwa nimepaka hadi vyoo rangi ya bluu, sijui kwa nini. Ijaribu kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika.

Mahali pa kukusanyika nilipaweka chini ya mwembe karibu na jiko, kwa ajili ya kivuli. Moshi wa kuni ulitufuata palepale, tena gari la zimamoto lingelazimika kupita katikati yetu. Tukahamia golini, ng'ambo ya uwanja. Kwenye ramani pana alama ya kijani yenye mishale minne inayoelekea kwa watu waliosimama pamoja, na chini yake namba ya zimamoto, 114.

Zoezi la pili milango yote ilifunguka. Golini tulipoita majina kwa orodha ya vitanda, alikosekana mmoja. Alikuwa choo cha nje, ambako sikuwa nimebandika chochote.