Weupe wa sekunde 5 kwenye ukurasa wa dagaa

"Ukurasa wangu wa kuuza dagaa hapa Ujiji unakaa mweupe kama sekunde 5. Nimeweka picha ya skrini ya kichupo cha Network cha kivinjari. Tatizo ni zile picha kubwa za chini?"

Hapana dada, siyo picha. Tazama mstari wa kwanza kabisa, ule wa ukurasa wenyewe. Kijani kimenyooka hadi sekunde 3.8, na mistari mingine yote inaanzia pale kinapoishia. Yaani kivinjari kilikuwa kimekaa tu kikingoja. Mistari ya picha zako ni mirefu kweli, lakini zinashuka kwa pamoja, wakati maandishi yameshaonekana. Hata ukizifuta zote, weupe utabaki palepale.

Kaka wa Tabora hapo juu anasema mtandao wa huku ndio mbovu, kwake pia ni hivyo. Kwake huenda ni kweli. Kwako, bofya mstari huo ufungue Timing: Initial connection ni 210 ms, ila Waiting for server response ni sekunde 3.6. Njia ni ileile, ingekuwa mbovu hivyo hata kuunganisha kungechelewa. Muda unaliwa na seva ikiandaa ukurasa.

Kama ni hifadhidata au ni programu-jalizi, picha hii haisemi. Weka tiki Disable cache, zima programu-jalizi moja moja, kila mara pakia upya mara 3, maana mara moja hudanganya. Kisha tuwekee Timing ya mstari huo tena.