Bajeti ya dawa haigawiki kwa nne

Wenzangu mnaosimamia zahanati, najua wengi wetu huchukua bajeti ya mwaka, tukaigawa kwa nne, kisha tukapeleka ombi lilelile kaunti kila robo. Kwa stima, maji na vibarua haina shida. Mlinzi na msafishaji hulipwa kiasi kilekile Agosti na Februari, na wauguzi wenyewe wako kwenye mishahara ya kaunti. Dawa ndizo zinazokataa hesabu hiyo, hasa huku kwetu Kisumu.

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na malaria hupanda kuanzia Mei mpaka Julai. Dawa za malaria zenyewe mara nyingi huja kupitia mpango wa taifa, lakini mtoto mwenye homa anahitaji pia panadol, dripu, sindano na glavu, na hivyo ni juu yetu kununua. Isitoshe, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na pesa za robo ya kwanza huchelewa sana. Stoo ya Juni inabidi itubebe hadi zifike.

Ndiyo maana mimi huomba fungu kubwa robo ya tatu, Januari hadi Machi, ili oda iende KEMSA kabla mvua haijakolea. Tuseme dawa zimetengewa shilingi 600,000 kwa mwaka. Badala ya 150,000 kila robo, naomba 130,000, kisha 110,000, kisha 200,000, na mwisho 160,000. Jumla ni ileile. Ila ombi la 200,000 litarudishwa lisipokuwa na maelezo, kwa hiyo naambatisha idadi ya wagonjwa wa homa kwa kila mwezi wa mwaka uliopita, kutoka kwenye rejista.

Kosa linalotuumiza zaidi limo katika hesabu ya matumizi. Kadi ya stoo inaonyesha mmetoa pakiti 1,200 za panadol kwa miezi mitatu. Ukigawa kwa tatu unapata 400 kwa mwezi. Lakini itazame kadi vizuri: kama salio lilikaa sufuri mwezi mzima, pakiti hizo zilitumika kwa miezi miwili, na hitaji lenu ni 600 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu na mmoja wa akiba ni 2,400. Ukitoa 300 zilizobaki, unaagiza 2,100. Ukiifuata ile 400 utaagiza 1,300, rafu zitakuwa tupu tena, na robo ijayo kadi itaonyesha matumizi madogo vilevile. Mama anayeambiwa akanunue dukani haonekani popote kwenye kadi hiyo.

Kabla ya kutuma, linganisha ripoti ya matumizi ya robo iliyopita na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Bili ya stima ambayo haijalipwa iandike kama deni, usiifiche ndani ya makadirio mapya. Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichopitisha ombi nazo ziwe zimetiwa sahihi.