Mradi wa wanafunzi: fuateni mgogoro mmoja wa mpaka hadi mwisho

Swali: "Walimu wenzangu, nafundisha S.5 nje kidogo ya Lira, kaskazini mwa Uganda. Nataka mradi wa wiki sita kuhusu jinsi jamii zinavyomaliza ugomvi bila kumwaga damu. Mwaka jana wanafunzi waliniletea insha za mato oput walizonakili, zote zinafanana. Niwape kitu gani?"

Mwalimu, wape mgogoro wa mpaka wa shamba la kimila, kisha waufuate hatua kwa hatua kuanzia siku jirani analalamika hadi siku karatasi inawekwa saini. Ugomvi wa aina hii uko kila kijiji, wazee wa ukoo wanaushughulikia, mahakama za LC, yaani za mabaraza ya mitaa, zinaushughulikia, na mwanafunzi anaweza kukutana na watu walioketi kuuamua. Mato oput ni jambo zito la upatanisho la Waacholi, linalohusu mtu kuuawa. Wanafunzi hawawezi kuliona likifanyika, ndiyo maana wanaishia kueleza kile kibuyu cha dawa chungu na kuacha kazi yenyewe, yaani miezi ya koo mbili kutosalimiana, wapatanishi wanaokwenda na kurudi, kukiri kosa na kulipa fidia. Tena hapo Lira mna kayo cuk, utaratibu wenu wenyewe Walango, uliotajwa pamoja na mato oput katika makubaliano ya Juba ya mwaka 2007 kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA. Kama kundi moja linang'ang'ania mada hiyo, lifanye kayo cuk kwa kuzungumza na mkuu wa ukoo.

Sasa mradi wenyewe. Gawa darasa makundi ya watu wanne au watano. Kila kundi lipewe kisa kimoja cha kubuni ambacho unakiandika wewe, kisha liende kuwauliza wahusika wa kweli: "Kisa kama hiki kikija kwenu, mnafanyaje?" Hii ndiyo kinga kubwa ya mradi. Ukiwaambia wanafunzi watafute ugomvi halisi kijijini, baada ya siku mbili utasikia kwamba shule imechukua upande. Usiwapeleke kabisa kwenye shamba linalogombewa, hasa wakiwa na futi ya kupimia. Watu wakiona vijana wanapima ardhi hawafikirii masomo, wanafikiri kuna mnunuzi.

Kisa kinachofaa ni kama hiki. Mume amefariki. Mjane anaendelea kulima ekari mbili za kimila alizogawiwa mumewe na ukoo. Shemeji yake, mwenye shamba la upande wa magharibi, kila msimu anasogeza jembe mistari miwili au mitatu ndani. Msimu wa nne anang'oa mihogo ya mjane iliyokuwa mstari wa mwisho. Mjane anakwenda kulalamika.

Kisa kinaonekana chepesi, lakini ndani yake mna madai mawili, na hapo ndipo wanafunzi wanapojifunza. Dai la kwanza ni ardhi. La pili ni mihogo iliyoharibiwa. Tangu Sheria ya Ardhi iliporekebishwa mwaka 2004, kesi ya ardhi huanzia mahakama ya LC2, ngazi ya muluka, yaani vijiji kadhaa pamoja, wala si LC1. Dai la mihogo ni uharibifu wa mali, na hilo LC1 ya kijiji inaweza kulisikiliza kwa Sheria ya Mahakama za LC ya 2006, mradi thamani isizidi shilingi 2,000,000. Wanafunzi karibu wote wataandika kwamba mjane anaanza kwa mwenyekiti wa LC1 kwa kila kitu, na kwa maisha ya kila siku hawakosei, kwa sababu watu huenda huko kwanza. Wafundishe kutenganisha mambo mawili: mwenyekiti anaweza kuwakalisha watu na kuwapatanisha, lakini hukumu ya ardhi anayoitoa LC1 huweza kutupwa mbele ya safari kwa sababu imetolewa mahali pasipo na mamlaka. Na kama shemeji angemkata mjane kwa panga, hilo si la ukoo wala LC. Ni la polisi.

Sheria hiyohiyo ya ardhi haiwazuii viongozi wa kimila kuamua au kupatanisha migogoro ya ardhi ya kimila. Kwa hiyo kundi lichore njia mbili sambamba kwenye karatasi kubwa: njia ya ukoo na njia ya LC. Kwa kila kituo waandike nani aliitwa, nani aliketi, ushahidi gani ulikubaliwa, mlalamikaji alitumia pesa gani, na nini hutokea mmoja akikataa uamuzi. Swali hilo la mwisho ndilo linalotofautisha njia hizo mbili. Ukoo una nguvu ya aibu, ya kutengwa na ya baraka, lakini hauna mtu wa kumlazimisha anayekataa. Kwa upande wa LC, asiyeridhika na LC2 ana siku 14 za kukata rufaa kwenda LC3 ya gombolola, na kutoka hapo kwa hakimu mkuu.

Mahojiano yasizidi sita kwa kundi: mkuu wa ukoo, mjumbe wa LC1, mjumbe wa LC2, mwanamke aliye kwenye kamati, na wakulima wawili wa umri tofauti. Barua ya mkuu wa shule itangulie kwa mwenyekiti walau wiki moja kabla, na kila mwanafunzi wa chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi. Maswali yaulizwe kwa lugha ya mahali, majibu yaandikwe kwa lugha hiyo kwanza. Mzee akisimulia kesi za zamani, waulize ni za mwaka gani. Kati ya 2001 na 2018 hakukuwa na uchaguzi wa LC1 na LC2, na mtu aliyeketi kiti kimoja miaka 17 huamua mambo tofauti na aliyechaguliwa juzi. Swali moja lisikose kwa mkuu wa ukoo: "Mjane huyu akizungumza, anazungumza mwenyewe au kupitia mwanamume?" Jibu la mkuu wa ukoo na jibu la yule mwanamke wa kamati yawekwe sawia kwenye ripoti bila kuyasawazisha.

Wiki ya nne fanyeni kikao cha maigizo cha LC2. Waketi wajumbe watano, mwenyekiti akiwa mmoja wao, wawili kati yao wawe wanawake, kama inavyotakiwa na sheria. Awepo mwandishi, mjane, shemeji, na mashahidi wawili kila upande. Mjumbe mwenye undugu na upande wowote ajiondoe, na wewe hakikisha umepanga mmoja wa namna hiyo bila kuwaambia, uone kama watagundua. Kosa litakalotokea bila shaka ni kwamba vijana wataigiza mahakama ya kwenye televisheni: mawakili, nyundo, kusimama na kukaa. Mawakili hawaruhusiwi kwenye mahakama hizi. Anayeuliza ni mjumbe, kwa maneno ya kawaida, na lengo la kwanza ni watu wapatane. Fidia, kurudisha mali na kuomba radhi ni maamuzi halali kabisa. Wakifika haraka kwenye "ana hatia, afungwe," wasimamishe waanze upya. LC haifungi mtu jela.

Ushahidi wa mpaka uandaliwe vizuri, maana hapo kikao kinapata uhai. Mpaka wa kimila hushikwa na vitu: mimea iliyopandwa mstari mmoja, kichuguu, mti mkubwa, njia ya ng'ombe, na kumbukumbu za waliokuwepo siku ya kugawa. Vyote vina udhaifu. Kichuguu huvunjwa watu wakitaka udongo wa matofali, mti hukatwa kwa mkaa, na mimea ya mpaka hung'olewa usiku na kupandwa mita mbili pembeni. Mashahidi wako wawili waseme tofauti kidogo, mmoja akumbuke mti, mwingine kichuguu, ili wajumbe walazimike kuuliza nani aliyekuwepo na nani aliyesimuliwa tu.

Baada ya kikao, kila kundi liandike makubaliano. Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine, kwani amani nyingi hufa kwenye karatasi mbovu. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Wamekubaliana waishi kwa amani na kila mtu abaki kwenye mpaka wake." Hakuna kitu hapo, kwa sababu mpaka wenyewe ndio uliogombewa. Rasimu ya pili huwa: "Shamba la mjane lina upana wa hatua 62 kutoka mwembe wa barabarani." Hii inavutia hadi uijaribu. Mtu mwenye hatua ya sentimita 70 atafika mita 43.4. Mwenye hatua ya sentimita 80 atafika mita 49.6. Tofauti ni mita 6 na zaidi, upana unaotosha kabisa kuzaa ugomvi mpya.

Ijaribu uwanjani kwa kweli. Chukua makubaliano ya kundi la kwanza, mpe kundi la pili vijiti kumi, waambie wachomeke mpaka kwa kufuata maandishi tu, bila kuuliza. Kisha kundi la tatu lifanye vilevile kwa vijiti vya rangi nyingine. Mistari miwili ikiachana, karatasi hiyo ingezaa kesi mpya msimu ujao. Walioandika wairekebishe, kisha jaribio lirudiwe. Makubaliano yanayosimama huwa na alama zisizopungua mbili kwa kila mstari, umbali kwa mita, mimea mipya ya mpaka iliyopandwa pande zote mbili zikiwepo, malipo ya mihogo kwa kiasi na tarehe, na sentensi inayosema nini kitafanyika tarehe ikipita. Chini pawe na saini au alama ya dole gumba ya wahusika, mashahidi wa kila upande, na majirani wote wanaopakana na shamba hilo. Majirani husahauliwa mara nyingi, na wao ndio watakaoulizwa miaka kumi baadaye.

Ukigawa alama, ningetoa karibu nusu kwa makubaliano na jaribio la vijiti, nyingine kwa mchoro wa njia mbili, na sehemu ndogo tu kwa uzuri wa ripoti. Nakala moja isiyo na majina ya waliohojiwa irudishwe kwa mkuu wa ukoo na kwa LC, isomwe mbele yao, na masahihisho yao yaandikwe pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine.

Jambo moja upange kabla wanafunzi hawajatoka getini. Kisa cha mjane kitamgusa mtoto fulani darasani ambaye mama yake ananyang'anywa ardhi sasa hivi. Teua mwalimu wa kike anayeaminika, watajie wanafunzi jina lake siku ya kwanza, na mtoto huyo apewe kazi ya kuchora au kupima, asilazimishwe kuigiza upande wowote.