Chembe ya alfa "iligonga" kiini?

Swali: Binti yangu aliandika kwenye jaribio la fizikia, "Chembe ya alfa iligonga kiini cha dhahabu, ikatulia, kisha ikarudi." Mwalimu amekata "iligonga" na "ikatulia". Kiswahili chake kina kosa gani?

Jibu: Sarufi yake ni safi. Kilichomponza ni maana, na hapo hesabu ndiyo inayoamua.

Kugonga kunataka vitu viwili vikutane. Chembe ya alfa ina chaji chanya 2, kiini cha atomu ya dhahabu kina 79, na chaji za aina moja husukumana. Kadiri chembe inavyosogea, nishati yake ya mwendo hupungua na kugeuka nishati ya msukumano, bila jumla kubadilika. Ikiwa imelengwa katikati kabisa ya kiini, hufika mahali ambapo nishati yote ya mwendo imekwisha. Umbali wa hapo, d, ni:

d = 1.44 × 2 × 79 ÷ E

1.44 ni namba isiyobadilika ya msukumano wa chaji, E ni nishati ya mwanzo ya chembe kwa MeV, kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama hivi, na d hutoka kwa femtomita, yaani sehemu za trilioni za milimita. Rutherford, aliyeeleza kiini mwaka 1911, alizijua chembe za takriban MeV 7.7. Kwa hizo, 227.5 ÷ 7.7 ni kama femtomita 29.5. Umbali huu hupimwa kutoka kitovu hadi kitovu. Nusu kipenyo cha kiini cha dhahabu ni kama femtomita 7, na cha chembe yenyewe hakifiki 2. Ukivitoa, inabaki nafasi ya femtomita 20 hivi. Chembe haikugonga kitu, labda mwamba, kwa ile maana yetu ya kushindwa! Andika "ilikikaribia kiini, ikarudishwa".

"Ikatulia" ina kosa la ndani zaidi. Kitu kilichotulia hakisukumwi huku wala kule, au misukumo yake imesawazishana. Hapa kasi ni sifuri, lakini msukumo ndio mkubwa kuliko mahali pengine popote njiani. "Ikasimama" inafaa, tena kwa nukta tu, na kwa chembe iliyolengwa katikati pekee. Iliyopita pembeni hupinda njia bila kusimama kamwe, kwa hiyo fomyula hii haiihusu.

Hata hivyo, "iligonga" halifutwi katika kila sentensi. Chembe ikiwa na MeV 30, hesabu inatoa femtomita 7.6, pungufu ya nusu vipenyo viwili vikijumlishwa. Hapo miili inagusana, nguvu za ndani ya kiini zinaingia kazini, na fomyula yenyewe haiaminiki tena. Katika sentensi hiyo kugonga ni kugonga kweli.

Kuhusu kiini kuhesabiwa kama kisichosogea, ni kukadiria tu. Dhahabu ni nzito kuliko alfa karibu mara 49, na kurudi nyuma kwake kunaongeza d kwa asilimia 2 hivi.