Kibaraka, mamluki au wakala? Maneno ya Vita Baridi katika mgogoro wa Kongo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha historia sekondari hapa Kigoma. Tukifika kwenye Vita Baridi na mgogoro wa Kongo, wanafunzi wangu wanaandika "kibaraka", "mamluki" na "wakala" kana kwamba yote ni neno moja. Je, yana tofauti? Na tuseme "vita vya wakala" au "vita vya uwakala"?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Tofauti ipo, na ni kubwa kiasi kwamba mwanafunzi akichanganya maneno hayo atakuwa ameshakosea historia yenyewe kabla hajafika kwenye sarufi.

Mamluki ndilo jepesi kupima. Ni askari wa kukodiwa, anayepigana vita visivyo vya nchi yake kwa sababu analipwa. Neno tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao *mamluk* ni mtu anayemilikiwa, na zamani waliitwa hivyo askari waliokuwa watumwa. Kwetu maana ya utumwa imepotea, ikabaki ya kukodiwa. Kongo walikuwapo mamluki wasio na ubishi: kikosi cha Mike Hoare, kilichoitwa Komando ya 5, ambacho Moise Tshombe alikiajiri mwaka 1964 alipokuwa waziri mkuu. Wengi wao walitoka Afrika Kusini na Rhodesia, wakapigana kwa mshahara na Simba, yaani Wakongo walioiasi serikali.

Sasa tazama upande wa pili, tena ng'ambo tu ya ziwa mnalolitazama kila siku hapo Kigoma. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wachache walivuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda kuwasaidia Simba, na baadaye wenzao wakafuata mpaka wakapita mia moja. Walipewa majina ya siri kutoka kwenye hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Walikuwa wageni wenye bunduki katika vita vya watu wengine, lakini hawakwenda kwa ajili ya malipo. Walitumwa na serikali yao kwa sababu ya itikadi. Kuwaita mamluki ni kosa, hata kama mwandishi hakubaliani nao hata kidogo. Waite wapiganaji wa Kuba, basi.

Mwanafunzi makini atauliza: na marubani je? Ndege za T-28 zilizowashambulia Simba kutoka angani zilirushwa na Wakuba vilevile, wale waliomkimbia Fidel Castro, nao walikodiwa na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Hao walilipwa, kwa hiyo ukiwaita mamluki hujakosea, ingawa nao walikuwa na kisasi chao cha kisiasa. Mwishoni mwa Juni 1965 Simba, wakiwa na Wakuba na wapiganaji wa Kinyarwanda, walishambulia kambi ya Bendera iliyolinda kituo cha umeme wa maji. Shambulio lilishindwa, Wakuba wanne wakafa, na maandishi yaliyokutwa kwenye miili yao yakafichua kwamba Kuba imo vitani. Wakuba kwa Wakuba, ndani ya misitu ya Kongo. Hiyo ndiyo sura ya Vita Baridi huku kwetu, na ndiyo maana neno moja halitoshi.

Kibaraka ni gumu zaidi, kwa sababu ni neno la kulaumu. Linamtaja mtu aliyewekwa au kushikiliwa madarakani na mgeni, akatumikia masilahi ya huyo mgeni dhidi ya watu wake. Kipimo changu kina sehemu mbili: nani alimweka au kumshikilia, na je, mambo yalipogongana, alimtii nani?

Mpime Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kwa kipimo hicho. Wapinzani wake Brussels na Washington walimwona kama mtu wa Moscow. Lakini Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi likaasi siku chache baadaye, na tarehe 11 Julai Katanga, jimbo la shaba, ikajitenga huku askari wa Ubelgiji wakiwapo. Lumumba aliomba kwanza Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Julai akaenda Washington mwenyewe kuomba msaada, Rais Eisenhower hakuonana naye, na akaelekezwa arudi kwenye Umoja wa Mataifa. Ni baada ya hapo ndipo zilipoingia ndege na malori ya Wasovieti, naye akazitumia kupeleka askari jimbo la Kasai. Mtu anayebisha hodi mlango mmoja, akafungiwa, akaenda wa pili, si kibaraka wa mwenye mlango wa pili. Hata hivyo Agosti ileile mkuu wa CIA, Allen Dulles, alituma maagizo Leopoldville, mji mkuu wa Kongo, kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga.

Mobutu wa Septemba 1960, mkuu wa jeshi aliyetwaa madaraka huku akipokea fedha za CIA, anaangukia ndani ya neno kibaraka bila kusukumwa. Lakini Mobutu wa 1967 alitaifisha kampuni ya Union Minière, mali ya Wabelgiji. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi waweke mwaka kila wanapoandika neno hili. Mtu yuleyule anaweza kustahili jina hilo mwaka huu asilistahili miaka saba baadaye.

Wakala halina lawama. Ni mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine kwa makubaliano, kama wakala wa bima. Kwa hiyo nikichagua, naandika "vita vya uwakala", maana linalotajwa ni aina ya vita, si mtu mmoja. "Vita vya wakala" nalo limeshaenea katika habari na linaeleweka, usimkatie mwanafunzi alama. Nyekundu iende kwa "vita za wakala", na kwa "vita vya baridi": *baridi* hapo ni kivumishi kisichobadilika, hakihitaji *vya*.

Ila neno hili lina hatari yake ya maana. Linafanya ionekane kwamba Wakongo walikuwa wanatumwa tu. Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa eneo la Kwilu, alipata mafunzo China, ni kweli, lakini wakulima wa huko walimfuata kwa sababu waliona uhuru wa 1960 umewanufaisha wanasiasa na maofisa wachache. Wao walidai "uhuru wa pili". Silaha, ndege na fedha za nje zilirefusha vita na kuamua nani atashinda. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nyumbani. Mwanafunzi akiandika "vita vya uwakala", mdai sentensi ya pili inayosema wenyeji walipigania nini.

La mwisho ni upatanisho. Kibaraka ni la KI-VI kwa umbo, lakini ni mtu: *kibaraka huyu alipewa fedha*, *vibaraka wa wakoloni walikimbia*, si *vibaraka vya wakoloni vilikimbia*. Mamluki halibadiliki kwa wingi: *mamluki alilipwa*, *mamluki walilipwa*. Wakala kwa wingi ni *mawakala*, nao *wanalipwa*, kamwe si *yanalipwa*.