Mali za milioni 61, nauli ya kukopa

Nimeandika mali zangu zote: nyumba milioni 38, kiwanja milioni 10, gari aina ya IST milioni 11, fanicha na runinga milioni 2. Deni la benki ni milioni 9. Kwenye karatasi nina milioni 52, lakini ikifika tarehe 20 nakopa nauli. Nimekosea wapi? (Mwalimu, Chanika)

Hujakosea kujumlisha, mwalimu. Mizania ni kama picha ya siku moja: inaonyesha ulicho nacho na unachodaiwa siku hiyo. Haisemi pesa inaingia kutoka wapi wala inatokea mlango gani. Kwa hiyo chukua karatasi ile ile, na mbele ya kila mali ongeza safu mbili: "iliniletea" na "ilinila", zote kwa miezi 12 iliyopita. Andika pesa iliyopita mkononi au kwenye simu kweli, siyo uliyotarajia.

Nikijaribu kwa orodha yako, safu ya "iliniletea" ni tupu kuanzia juu hadi chini. Nyumba unaishi mwenyewe, kiwanja kina nyasi, gari linakupeleka kazini. Safu ya pili ndiyo imejaa. Chukua gari peke yake: ukiweka mafuta ya 9,000 kwa siku 24 za kazi, hiyo ni 216,000 kwa mwezi kabla hujagusa bima, sevisi na matairi. Bado lenyewe linashuka bei kila mwaka. Mali zako zote nne zinalishwa na mshahara mmoja, na mshahara huo huo ndio unaolipa benki. Sisemi uuze gari. Nasema usilihesabu kama kitu kitakachokuokoa tarehe 20.

Nilikopa milioni 2, nikaongeza 800,000 zangu, nikanunua pikipiki ya bodaboda. Dereva analeta hesabu ya 8,000 kwa siku, kwa hiyo naingiza 240,000 kwa mwezi. Mume wangu anasema ni hasara. Nani yuko sahihi? (Mama wawili, Morogoro)

Mwaka huu mume wako, mwakani huenda ikawa wewe. Twende taratibu.

Kwanza hiyo 240,000. Hakuna dereva anayeleta hesabu siku 30. Kuna siku ya mvua, siku ya msiba, siku pikipiki iko kituoni na siku tairi limepasuka. Fungua daftari lako uhesabu siku alizoleta kweli. Kwa bodaboda nyingi nilizoona daftari zake, 22 kwa mwezi ni dereva mzuri. Hapo ni 176,000. Toa oili, cheni, breki na fundi, tuseme 45,000, kisha sehemu ya bima, 10,000. Mkononi zinabaki 121,000 kwa mwezi, yaani 1,452,000 kwa mwaka.

Sasa kuna gharama ambayo hakuna anayekuletea risiti yake: uchakavu. Ulinunua kwa 2,800,000. Uliza kijiweni leo, pikipiki kama yako iliyokimbia mwaka mzima inauzwa ngapi. Ukiambiwa milioni 2, basi 800,000 zimeyeyuka barabarani. Ukizitoa, faida ya mwaka ni 652,000.

Kisha deni. Deni usiliandike peke yake chini ya karatasi, liweke ubavuni mwa mali liliyoinunua. Umeniandikia riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, inapigwa kwenye milioni 2 zote hata ukiwa umeshalipa nusu. Hiyo ni 70,000 kila mwezi, 840,000 kwa mwaka. Ukiitoa kwenye 652,000, uko chini kwa 188,000. Mume wako ameshinda.

Ila huenda anachokiona yeye ni kikubwa kuliko hicho. Rejesho lako la mwezi, kwa mkopo wa miezi 12, ni kama 236,700, na pikipiki inakupa 121,000. Karibu 116,000 zinatoka kwenye pesa ya nyumbani kila mwezi, na ndizo zinazomuuma. Mwambie kwamba katika rejesho hilo, kama 166,700 ni kupunguza mkopo wenyewe, na hiyo si hasara: deni linashuka na sehemu yako katika pikipiki inapanda. Kinachopotea ni zile 70,000 za riba.

Mwaka wa pili riba haipo. Injini ikivumilia, pikipiki ile ile itaanza kuzaa. Ikidai matengenezo makubwa kabla hujamaliza mkopo, iuze mapema, usisubiri ikae juu ya mawe. Mimi niliwahi kuweka friji la kuuza barafu na juisi, nikahesabu mauzo tu. Miezi saba baadaye ndipo nilipokaa na risiti za Luku nikagundua nilikuwa namnunulia jirani barafu.

Nyumba ninayoishi niiweke upande gani? Nimepangisha vyumba viwili vya uani. (Mstaafu, Tanga)

Igawanye. Vile vyumba viwili vinaingiza, kwa hiyo viandike peke yake: kodi uliyopokea kweli, ukitoa rangi, bomba na kodi ya TRA. Sehemu unayolala wewe haikuingizii pesa. Inakuepusha kulipa pango, nayo ni faida halisi, ila huwezi kwenda nayo sokoni. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku igawe kulingana na mita iliyopo. Kama mita ni moja na umeme wa wapangaji unalipa wewe, hapo ndipo faida ya vyumba huwa inavujia.

Kiwanja changu hakinipi kitu, lakini kila mwaka dalali ananiambia bei imepanda. Hiyo siyo kipato? (Kijana, Dodoma)

Siyo, mpaka ukiuze. Bei ya dalali ni ya mazungumzo. Kwenye mizania andika bei ambayo mtu angekulipa taslimu ndani ya miezi mitatu, ukitoa na chake dalali. Halafu jaza safu ya "kilinila": kodi ya ardhi, kufyeka, na yule jirani unayemtumia pesa akuangalizie mipaka.

Kisha jiulize swali gumu zaidi: pesa hiyo ingekuwa kwingine ingefanya nini? Tuseme kiwanja ni milioni 10. Ingekuwa kwenye hati fungani ya serikali yenye riba ya asilimia 12, ungepokea 1,200,000 kwa mwaka, nusu kila miezi sita. Kwa hiyo kiwanja kinatakiwa kipande bei kwa zaidi ya hapo, pamoja na gharama zake, ndipo kiwe kimeishinda hati fungani. Vingine hupanda hivyo, hasa barabara ikipita. Vingine hukaa miaka minane bila mteja. Kama utajenga mwakani, hesabu hii haikuhusu sana. Kama unakiweka tu, inakuhusu.

Nipo kwenye mchezo wa watu 10, kila mwezi 100,000. Nimepokea zamu ya pili. Pia shemeji ananidai… samahani, mimi namdai milioni 2. Niviandike kama mali? (Dada wa duka, Mwanza)

Mchezo wako sasa ni deni. Umechangia 200,000, umepokea 1,000,000, bado unadaiwa 800,000 na wenzako. Aliye zamu ya kumi ndiye mwenye mali hapo, na mali yake ni ahadi yenu.

Shemeji kama amelipa chochote katika miezi mitatu iliyopita, andika kiasi unachoamini atamalizia. Kama hajalipa hata senti, andika sifuri, na jina lake libaki kwenye daftari la pembeni.