Rangi za udongo na maua kwa watoto wa chekechea

Swali la wiki: «Je, tunawezaje kuwafundisha watoto wa miaka minne hadi sita kuchanganya rangi bila kununua rangi za dukani?»

Mhariri, mimi ni mwalimu wa chekechea, na ningependa kushauri kwamba udongo uchanganywe na udongo, ilhali maua yapewe somo lake, kwa sababu vitu hivi viwili havina tabia moja.

Udongo mwekundu na wa njano hupata rangi yake kutokana na chuma kilichomo, kwa hiyo haupauki upesi juani. Chimbeni chini kidogo ya uso wa ardhi, mbali na mahali wanapopita mbwa na mbuzi, mkaushe, mponde na kuchekecha kwa kitambaa chepesi. Wapo wanaoukaanga ili kuua vijidudu, jambo jema, ila moto mkali huugeuza udongo wa njano kuwa mwekundu, na hapo mtakuwa mmepoteza nusu ya rangi zenu.

Gundi yake ni uji: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo hukorogwa katika kikombe cha maji baridi, kisha hupikwa huku ukikorogwa hadi ung'ae. Ukipoa, mtoto huchanganya vijiko viwili vya udongo na kijiko kimoja cha uji, akiongeza maji tone kwa tone. Picha ikikauka, ipapaseni kwa kidole. Kidole kikitoka na vumbi, uji ni mchache, na rangi ikipasuka, uji umezidi. Hapo sasa mtoto achukue kijiko cha njano na kuongeza chembe za nyekundu kidogo kidogo, aone rangi ikielekea kwenye machungwa yaliyofifia. Uji ukianza kunuka uchachu, mwageni.

Maua mekundu ya haibiskasi, yale ya kwenye uzio, husagwa kwa maji ya uvuguvugu na kuchujwa, yakatoa maji ya zambarau iliyofifia. Gawanyeni katika vikombe vitatu: kimoja kiachwe, cha pili kidondoshewe ndimu, nacho hung'aa kwa wekundu wa waridi, na cha tatu mwalimu atie soda ya kuokea kidogo sana, nacho huelekea bluu au kijani. Watoto wa umri huu hupiga kelele kwa furaha wakiona hivyo, na huo ndio wakati wa kuwauliza kitatokea nini wakimimina cha pili ndani ya cha tatu, ambapo mchanganyiko hutoa mapovu, basi watumie kikombe kikubwa.

Mchicha uliotwangwa hutoa kijani kizuri, lakini si maji yaliyoyeyusha rangi, bali ni chembe zinazoelea, hivyo ukoroge kila mara. Juani hugeuka hudhurungi ndani ya siku chache. Ukiuchanganya na maji ya maua mekundu utapata rangi ya tope, jambo linalowavunja moyo watoto. Msitumie majani yenye utomvu mweupe kama mnyaa, wala kisamvu kibichi, kwa kuwa mtoto wa miaka minne bado hulamba vidole.